Shotikati za aina mbili kwenye flashi ya mwanao: barua kwa wazazi kabla maabara haijafutwa

Ndugu Mzazi au Mlezi,

Salamu kutoka maabara ya kompyuta. Jumamosi ya tarehe 6 Juni, shule ikiwa imeshafungwa, nitafuta kompyuta zote 24 za maabara yetu hapa Moshi na kuziwekea mfumo mpya. Kabla ya hapo, Ijumaa ya tarehe 29 Mei, kila mwanafunzi wa somo la kompyuta atarudi nyumbani na flashi yenye kazi zake. Naomba Jumamosi au Jumapili hiyo ukae naye muikague pamoja. Mkikuta dalili yoyote kati ya hizi ninazozieleza hapa chini, nieleze au niletee flashi yenyewe mwisho Jumatano ya tarehe 3 Juni, saa 10 jioni.

Nimeandika barua ndefu kuliko kawaida yangu kwa sababu moja. Wiki mbili zilizopita niliwajaribisha Kidato cha Tatu peke yao, na flashi kadhaa zilirudi zikiwa na dalili inayofanana kwa macho, lakini sababu zake ni mbili tofauti kabisa. Kwa sababu ya kwanza kazi ya mtoto ipo salama ndani ya flashi, imefichwa tu. Kwa sababu ya pili kazi haijawahi kuingia kwenye flashi. Bado ipo kwenye kompyuta ya maabara, na nikiifuta kompyuta hiyo tarehe 6, imekwenda. Nataka ujue kuzitofautisha.

Kwa nini tunafuta, na kwa nini safari hii hata D inafutwa

Kompyuta zetu zinatumia Windows 10. Kampuni iliyoitengeneza iliacha kutoa marekebisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haiwezi kuingia kwenye mashine zetu kwa utaratibu unaokubalika, kwa kuwa prosesa zake ni za zamani kuliko zile zinazotakiwa. Tungeweza kuendelea hivi hivi, lakini maabara ambayo flashi za watoto zaidi ya mia zinaingia na kutoka kila wiki si mahali pa kuendesha mfumo usiorekebishwa. Tumeamua kuweka Linux Mint, mfumo wa bure ambao mashine zenye kumbukumbu ya GB 4 kama zetu zinaumudu vizuri.

Hapa ndipo penye mtego. Watoto wengi wamezoea kuona fundi akipiga Windows upya anagusa sehemu ya C tu na kuiacha D kama ilivyo. Ndiyo maana wanaficha kazi zao kwenye D wakiamini haiguswi. Safari hii diski nzima inapangwa upya kwa ajili ya Linux, C na D pamoja. Nimelisema darasani mara tatu, na bado juzi mwanafunzi mmoja aliniambia kwa utulivu kabisa, "Mimi sina shida mwalimu, zangu ziko D."

Kabla ya kufuta, Alhamisi na Ijumaa nitachukua nakala yangu mwenyewe kwenye diski mbili za nje. Moja itabaki kabatini shuleni na nyingine itakaa kwenye jengo lingine. Nitanakili folda ya `Wanafunzi` iliyopo D, pamoja na `Desktop`, `Documents` na `Downloads` za kila kompyuta. Kwa kila mashine natumia amri kama hii:

```
robocopy D:\Wanafunzi F:\PC11\Wanafunzi /E /R:1 /W:1 /LOG:F:\PC11-nakala.txt
```

Ikimaliza, inaandika ripoti yenye safu iitwayo `FAILED`. Safu hiyo isiposoma 0, mashine hiyo siifuti mpaka nijue ni faili gani iliyokataa. Nakala hizi nitazitunza hadi shule ifungwe mwezi Desemba. Sitanakili miziki, filamu wala michezo, maana diski zitajaa. Basi kama mwanao aliweka kazi yake mahali ambapo sikupataja, nakala yangu haitakuwa nayo, na flashi yake ndiyo tegemeo pekee.

Dalili: alama zina mshale mdogo, na kazi haifunguki

Mnafungua flashi na kuona majina mnayoyajua, lakini kila alama ina mshale mdogo uliopinda kwenye kona ya chini kushoto. Hiyo ni njia ya mkato, watoto wanaiita shotikati. Yenyewe si kazi. Ni kibao cha kuelekeza tu, na ukubwa wake ni KB 1 au 2.

Msiibofye. Hilo ndilo la kwanza na ndilo kubwa. Kama kibao hicho kimetengenezwa na kirusi, kukibofya ndiyo njia ya kukikaribisha kwenye kompyuta ya nyumbani. Badala yake fanyeni vipimo viwili, ambavyo havina hatari yoyote.

Kipimo cha kwanza ni kusoma kibao kinaelekeza wapi. Bonyeza shotikati kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua `Properties`, kisha soma mstari ulioandikwa `Target`. Kama unaanza na kitu kama `C:\Windows\System32\cmd.exe`, au una neno `wscript`, hicho ni kirusi. Kazi ya kirusi hiki ni kuficha faili halisi na kuweka shotikati zenye majina yale yale, ili mtu akibofya kijiendeshe kwanza chenyewe, halafu kimfungulie folda yake asishtuke. Lakini kama `Target` inataja jina la kazi ya mtoto, mfano `D:\Muziki\kazi.docx`, basi hakuna kirusi hapo. Mtoto alinakili kibao akaacha nyumba.

Kipimo cha pili ni kuangalia nafasi iliyotumika. Rudi kwenye `This PC`, bonyeza flashi yenyewe kwa kitufe cha kulia, chagua `Properties`, na usome `Used space`. Kama flashi inaonyesha shotikati tatu tu zenye KB 2 kila moja, lakini nafasi iliyotumika ni MB 200, jiulize hizo MB 200 ni za nini. Ni za kazi za mtoto, zipo ndani, zimefichwa. Kama nafasi iliyotumika ni kidogo sana, karibu na sifuri, hakuna kilichofichwa, kwa hiyo msipoteze muda kutafuta humo. Nipeni taarifa mapema, maana kazi hiyo ipo kwangu na siku zinahesabika.

Usipokuwa na kompyuta nyumbani, simu ya Android inatosha kwa ukaguzi. Waya mfupi wa kuunganishia flashi na simu, ule ambao wauza vifaa vya simu wanauita OTG, unaweza kuazima hata kwa jirani. Kirusi hiki kimeandikwa kwa ajili ya Windows, hakiwezi kujiendesha kwenye simu. Tena mara nyingi simu haijali alama ya kuficha ambayo kirusi kimeiweka, kwa hiyo faili zilizofichwa zinaonekana wazi pamoja na zile shotikati. Ukiziona kwenye simu na zinafunguka, tulia. Nakuomba tu usiende kukagua flashi steshenari. Siwalaumu wenye steshenari, nao wanahangaika, lakini kompyuta inayochapisha kazi za mtaa mzima hupokea flashi za mtaa mzima.

Kuzirudisha faili zilizofichwa na kirusi

Kwenye kompyuta yenye Windows, chomeka flashi na uangalie imepewa herufi gani ndani ya `This PC`. Tuseme ni E. Bonyeza kitufe cha Windows kwenye kibodi, andika `cmd`, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha jeusi. Andika humo:

```
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
```

Kama flashi yako si E, badilisha herufi hiyo. Usiandike C hata kwa kujaribu, kwa sababu amri hii huondoa alama za kuficha na za mfumo kwenye kila kitu inachokikuta, na humo C zimo faili za Windows ambazo zimefichwa kwa sababu nzuri. Amri haitasema chochote ikifanikiwa. Ikilalamika kuhusu `System Volume Information`, iache, hiyo ni folda ya Windows yenyewe.

Fungua flashi upya. Folda halisi zitakuwa zimerudi kando ya shotikati zenye majina hayo hayo. Wakati mwingine utaona folda moja isiyo na jina kabisa, nafasi tupu tu. Usiidharau. Kirusi cha aina hii hupenda kuhamishia kila kitu ndani ya folda yenye jina la nafasi tupu, na kazi zote za mtoto zinaweza kuwa humo.

Sasa nakili faili za kazi tu kwenda kwenye kompyuta: zile zinazoishia na `.docx`, `.xlsx`, `.pptx`, `.pdf` na picha. Usinakili shotikati, wala faili inayoishia na `.vbs`, `.js` au `.exe`. Kama mwisho wa majina hauonekani, nenda kwenye `View` na uweke alama kwenye `File name extensions`. Fungua faili tatu au nne uhakikishe zinasomeka. Baada ya hapo ndipo unapoweza kuifomati flashi na kuirudishia kazi zake.

Kuna jambo dogo hapa ambalo limewatia watu hofu bure. Mkiondoa ufichaji, mnaweza kuona faili zinazoanza na alama mbili za ajabu, kwa mfano `~$Ripoti.docx`. Mkiifungua inakataa, na ukubwa wake ni baiti 162 tu. Mzazi akiona hivyo anasema kazi imeharibika. Haijaharibika. Hiyo ni faili ndogo ambayo Word huiweka mtu anapofungua kazi, ili kuonyesha kwamba kuna anayeitumia, na huwa imefichwa siku zote. Inabaki pale flashi inapochomolewa kabla Word haijafungwa. Tafuta pembeni yake faili yenye jina lile lile bila alama hizo; jina likiwa refu, alama hizo huchukua nafasi ya herufi zake mbili za kwanza. Hiyo ndiyo kazi. Kama haipo, basi kuna swali la kuuliza, na nitalieleza kwa kisa.

Kisa cha ripoti ya mifongo

Katika lile jaribio la Kidato cha Tatu, mama mmoja wa Kibosho alinipigia Jumamosi saa 2 usiku. Alikuwa na binti yake mbele ya laptopu.

"Shikamoo mwalimu, samahani kwa usumbufu wa usiku. Flashi ya binti yangu imekuwa vibaya. Kila kitu kina mshale."

"Marahaba mama, si usumbufu. Hamjabofya?"

"Folda moja tulibofya kabla ya kusoma karatasi yako."

Nikamwambia hilo tutalirudia baadaye. Binti aliandika ripoti ya Jiografia kuhusu mifongo, ile mifereji ya asili inayoshusha maji mashambani kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kurasa 14, na picha alizopiga yeye mwenyewe. Alikuwa ameifanyia kazi muhula mzima.

Flashi ilionyesha folda mbili, `Jiografia` na `Picha`, zote zina mshale. Nikamwomba binti asome `Target`. Zote mbili zilianza na `cmd.exe`. Nikamwomba asome nafasi iliyotumika: MB 212. Kwa vipimo vyote viwili jibu lilikuwa moja, kwamba ni kirusi na faili zimo. Akaandika amri ya `attrib`, folda zikarudi, mama akashukuru Mungu. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuaga.

Nikakumbuka kumwambia afungue ripoti yenyewe. Picha zilikuwepo, na ndizo zilizobeba karibu zote zile MB 212. Maelezo ya darasani yalikuwepo. Ila ndani ya `Jiografia`, mahali pa ripoti, palikuwa na shotikati nyingine. Kirusi cha namna hii kwa kawaida hugusa vile vilivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa flashi, na hii ilikuwa ndani ya folda. Nikamwomba asome `Target` yake. Ilisema:

```
D:\Muziki\New folder\Mifongo_Kibosho.docx
```

Kumbe binti alikuwa ameificha ripoti yake kwenye folda ya miziki ya kompyuta namba 11 ili wenzake wasiichezee. Halafu kwa urahisi wa kuifungua akaiwekea shotikati kwenye `Desktop`, na siku ya kunakili akachukua ile alama ya `Desktop`. Kompyuta ilimtii ikanakili alichoionyesha, yaani kibao. Ile flashi haikuwahi kubeba ripoti hata siku moja.

Tazama jinsi mambo mawili yalivyofichana. Kama tungeishia kwenye `attrib`, angeamini amepona. Na folda ya `Muziki` haimo kwenye orodha ya ninavyonakili. Ripoti ingekwenda na maji tarehe 6 Juni, na angeigundua wakati wa kuiwasilisha. Kwa kuwa alinisomea mstari wa `Target`, Jumatatu asubuhi niliwasha kompyuta namba 11, nikaifuata njia ile neno kwa neno, na ripoti ilikuwepo, MB 6.8. Nilimpa kwenye flashi safi kabla ya kengele ya kwanza.

Kwa hiyo nakuomba: mkikuta shotikati ambayo `Target` yake inataja jina la kazi, uandikeni mstari huo wote kwenye karatasi kama ulivyo, na mtoto aongeze namba ya kompyuta anayokaa. Kwa karatasi hiyo naipata faili kwa dakika mbili. Bila hiyo nina mashine 24 za kupekua.

Tukarudi kwenye ile folda waliyobofya. Binti aliisafisha flashi, akaichomoa, akaichomeka tena, na shotikati zikarudi mbele ya macho yake. Hiyo inaonyesha kwamba sasa mgonjwa ni kompyuta, si flashi. Kipimo chake ni rahisi: chomeka flashi nyingine, weka humo faili moja isiyo na thamani, chomoa, chomeka tena. Shotikati ikitokea, acheni kuchomeka flashi yoyote kwenye kompyuta hiyo mpaka itibiwe. Kwa Windows 10 na 11, fungua `Windows Security`, ingia `Virus & threat protection`, kisha `Scan options`, na uchague `Microsoft Defender Antivirus (offline scan)`. Hifadhi kwanza kazi zilizo wazi, kwa sababu kompyuta itajizima na kujiwasha, kisha itajikagua kabla Windows haijaamka, kama dakika 15 hivi. Faida ya ukaguzi huu ni kwamba kirusi kinakuwa hakijaanza kufanya kazi, kwa hiyo hakiwezi kurudisha kile kinachofutwa. Laptopu iwe kwenye chaji, umeme ukikatika katikati ukaguzi usizimike. Laptopu ile ya Kibosho ilipona kwa mara ya kwanza. Isipopona, leteni pia, nitaiangalia.

Dalili: kompyuta inadai flashi ifomatiwe

Mnachomeka flashi na unatokea ujumbe huu: `You need to format the disk in drive E: before you can use it.` Bonyezeni `Cancel`. Ujumbe huo umeandikwa kana kwamba hakuna njia nyingine, na watoto wengi wanaubonyezea `Format disk` kwa sababu ndicho kitufe kinachong'aa. Maana yake halisi ni kwamba kompyuta imeshindwa kusoma orodha ya vilivyomo. Mara nyingi vilivyomo bado vipo.

Sababu ninayoikuta zaidi ni flashi kuchomolewa wakati bado inaandikwa, au umeme kukatika wakati huo. Jaribuni tundu lingine la kompyuta, kisha kompyuta nyingine. Mkiwa mnatumia kigawio cha matundu, chomekeni moja kwa moja. Ikikataa kote, iacheni hivyo ilivyo na muilete. Msiendeshe programu yoyote ya kuitengeneza, hata ile `chkdsk /f` ambayo vijana wengi wanaijua, maana inarekebisha orodha kwa kuandika juu ya flashi hiyo hiyo, na wakati mwingine inakata faili vipande vipande. Mimi natumia PhotoRec, ambayo inasoma flashi bila kuiandikia na kuhifadhi inachokipata mahali pengine. Udhaifu wake ni kwamba faili zinarudi bila majina yake ya zamani, kwa hiyo mtoto atalazimika kukaa nami azifungue moja moja azitambue. Kama flashi haionekani kabisa, haiwaki wala haitajwi popote, huenda imekufa kwenye umeme wake, na hapo PhotoRec haina la kufanya. Kwa flashi ya namna hiyo nitanakili upya kutoka maabara, ndiyo maana nahitaji kuijua kabla ya tarehe 6.

Dalili: majina yapo, hayana mshale, lakini hayafunguki

Kwanza angalieni ukubwa. Faili ya KB 0 ni jina tupu. Ilianza kunakiliwa, flashi ikachomolewa. Itanakiliwa upya, mradi nijue.

Kama ukubwa unaonekana sawa na bado faili hazifunguki, au picha inafunguka nusu na nusu nyingine ni kijivu, naishuku flashi yenyewe. Kuna flashi zinazouzwa kwa bei ya chini mno zikiandikwa GB 64 au zaidi, kumbe ndani zina GB 8. Zimerekebishwa zijitangaze kuwa kubwa. Zinapokea kila unachoziwekea, na zikijaa kweli zinaendelea kukubali huku zikikitupa. Jina linabaki, kazi haipo. Utaitambua kwa kuwa faili zilizowekwa mwanzo zinafunguka na za mwisho zinakataa. Kwa kazi za shule GB 8 au 16 zinatosha kabisa. Kama umenunua mpya kwa ajili ya zoezi hili, mpe mtoto aniletee siku mbili kabla ya tarehe 29. Nitaijaza yote na kuisoma tena kwa H2testw, programu ndogo ya kupima ukubwa halisi, kisha nikwambie.

Dalili moja si tatizo, nitaitaja ili usihangaike. Baada ya likizo, kazi zitakazotoka maabara zinaweza kuishia na `.odt` badala ya `.docx`, kwa sababu tutakuwa tunatumia LibreOffice. Word za miaka ya karibuni zinaifungua. Nitawafundisha watoto kuhifadhi kwa `.docx` pale kazi inapokwenda kuchapishwa nje, ingawa mpangilio wa jedwali au picha unaweza kusogea kidogo.

Namna ya kunirudishia

Flashi ikae ndani ya bahasha yenye jina la mtoto, kidato chake, namba ya kompyuta anayotumia, na dalili mliyoiona kwa maneno yenu ya kawaida. Kama mlishajaribu amri au programu yoyote, andikeni hiyo pia. Sitamkaripia mtu, ila inabadilisha ninapoanzia. Mtoto anikabidhi mkononi, asiiache ofisini.

Nitakuwa maabara Jumatatu tarehe 1 hadi Jumatano tarehe 3 Juni, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni. Mzazi ambaye hana kompyuta wala simu ya kukagulia, mwambie mwanao aje Jumatatu asubuhi, nitaikagua naye kabla ya vipindi. Simu yangu ya kazi ipo kwenye fomu ya kujiunga, na Jumamosi na Jumapili ile ya ukaguzi nitaipokea hadi saa 3 usiku.

Wenu,
Mwalimu wa Kompyuta